Jibu kwa mwenyekiti wa klabu ya fedha: kwanini chenye riski lazima kiuzwe rahisi

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa klabu ya fedha chuoni hapa Dodoma. Jumamosi ya wiki ijayo tunapokea wanachama wapya wa mwaka wa kwanza na nimepewa dakika ishirini niongee kwanini ukitaka faida kubwa inayotarajiwa lazima ukubali riski zaidi. Mwenyekiti aliyepita aliwaambia tu "riski kubwa, hela kubwa", mwezi haujaisha wengi wao bumu limeishia kwenye mikeka na foreksi. Niwaeleze vipi waelewe nisije nikawapoteza na mimi?*

Marahaba mwenyekiti, na pole kwa kurithi huo mzigo.

Mwenzako hakudanganya sana, ila aliikata sentensi katikati. Ukimwambia mtoto wa mwaka wa kwanza "riski kubwa, hela kubwa" anasikia kwamba riski ni kama kibarua, wewe ukiivumilia tu mwisho wa siku unalipwa, kwahiyo anaenda kutafuta kitu cha hatari kuliko vyote anakaa anasubiri malipo yake. Sasa jiulize, anayelipa ni nani? Hapo ndo pa kuanzia hotuba yako, maana ukimjua anayelipa mengine yote yanajipanga yenyewe.

Anza na mnada. Wengi wao hata kama wametoka Mbeya au Bukoba watakuwa washaambiwa habari za mnada wa Msalato, wanajua watu wanaenda kula nyama choma pale. Waambie wafikirie mbuzi wawili wanaolingana kwa umbo, mmoja mzima kabisa, mwingine anakohoa na hakuna anayejua kama ni vumbi tu au ni ugonjwa. Muuzaji akitaka bei ileile kwa wote wawili, yule anayekohoa atarudi naye nyumbani. Inabidi ashushe, ashushe tena, mpaka atokee mtu aseme kwa bei hii hata akifa sijaumia sana na akipona nimepata. Kukohoa hakujamuongezea mbuzi nyama hata gramu moja. Kilichomuongezea mnunuzi faida ni bei iliyoshuka, na bei imeshuka kwasababu watu wameogopa. Kwahiyo anayelipa ni muuzaji, analipa kwa kukubali hela ndogo leo.

Ukishawaweka hapo toa karatasi mbili. Karatasi A ni ahadi, mwakani inalipa 100,000 bila shaka yoyote. Karatasi B mwakani unarusha sarafu ya mia, ukiangukia upande wa Mwalimu unapewa 160,000, upande wa pili unapewa 40,000. Waulize wastani wa B ni ngapi, watapiga hesabu: 160,000 jumlisha 40,000 gawa kwa mbili, laki moja, yaani sawasawa na A. Sasa tuseme A ukumbini imeuzwa 90,000. Anayeinunua anapata elfu kumi juu ya elfu tisini, ambayo ni asilimia 11 na kitu. Je B nayo itauzika 90,000? Kwa bei hiyo mtu mwenye akili zake anachukua A, wastani ni uleule halafu analala usingizi. B itashuka, 88,000, 85,000, na tuseme imepata wanunuzi ilipofika 80,000. Angalia kilichotokea: wastani wake bado ni laki moja, ila umeipata kwa elfu themanini, kwahiyo faida inayotarajiwa imekuwa asilimia 25. Ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi haijabadilika hata herufi. Ni bei tu. Na hizo asilimia 14 za juu, tofauti ya 25 na 11, ndo tunaita malipo ya kubeba riski.

Hapo kuna kijana atanyoosha mkono, sikuzote yupo, atauliza: kama B ina asilimia 25 kwanini watu wote wasihamie huko? Mwache ajijibu mwenyewe. Wakihamia wote bei ya B inapanda, ikipanda mpaka 90,000 zile asilimia 25 zimekuwa 11 na ile sarafu bado ipo, kwahiyo watu watatoka tena na bei itashuka. Inatulia pale ambapo wa mwisho kununua anaona nafuu ya bei inatosha kumfuta jasho. Ndo maana ukikuta kitu kina faida kubwa inayotarajiwa na hakina riski kabisa, na kila mtu anakiona, jua hakitakaa hivyo muda mrefu, watu watakigombania mpaka bei ipande faida iishe. Kanuni yote ya faida na riski imesimama kwenye mgombano huo wa wanunuzi.

Wape pia sababu ya watu kuogopa B wakati wastani ni sawa, maana wengine watasema wanaoogopa ni waoga tu. Chukua hela ya kula ya miezi miwili. Ukiongezewa nusu yake juu utanunua viatu, utatoka mara mbili tatu mjini, basi. Ukinyang'anywa nusu yake unaruka milo. Shilingi ya chini kabisa kwenye mfuko wako inanunua ugali na ya juu kabisa inanunua mbwembwe, kwahiyo kupoteza elfu sitini kunauma kuliko inavyofurahisha kupata elfu sitini. Hiyo ni hesabu halali kabisa, na kila mtu mwenye mfuko unaoisha anaifanya hata kama hajasoma.

Sasa nenda kwenye neno "inayotarajiwa", na hapa naomba usiharakishe, maana ndo lilipotelea bumu la wenzenu. Kwa Kiswahili cha kawaida "natarajia" ni kama "natumaini". Kwenye fedha hapana. Faida inayotarajiwa ni wastani wa yote yanayoweza kutokea, mabaya yakiwa ndani yake, kila moja likipewa uzito wa uwezekano wake. Mfano wa kuonyesha tofauti mnao jirani, Kongwa pale. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga pale ikipiga hesabu za mavuno ya kutosheleza mafuta ya kula kwao, mvua ya Kongwa ikawa haieleweki, udongo ukikauka unakuwa mgumu unavunja majembe ya matrekta, mwaka 1951 wakaufunga wakiwa wamepoteza zaidi ya pauni milioni 30. Kwenye makaratasi yao faida ilikuwa kubwa kwasababu waliandika mwaka mzuri tu. Wangeupa mwaka wa ukame uzito wake stahiki, mradi ungeonekana hasara kabla trekta la kwanza halijashushwa bandarini. Hayo yalikuwa matumaini, mwenyekiti.

Halafu kuna jambo ambalo hata walimu wengine wanalipita haraka. Wastani sio kitu ambacho mtu wa kawaida anakipata. Rudi kwenye karatasi B kwa 80,000: ukishinda unapata mara mbili, ukishindwa unabaki na nusu. Tuseme wanafunzi 1,024 kila mmoja anaanza na 80,000, kila mwaka anaweka yote kwenye B, miaka kumi mfululizo. Wastani unakua asilimia 25 kila mwaka, ukiwajumlisha wote na kuwagawa, kila mmoja anatoka na kama 745,000. Inapendeza eeh? Sasa waangalie mmoja mmoja. Aliyeshinda mara tano na kushindwa mara tano, kuzidisha mbili mara tano na kugawa kwa mbili mara tano, yuko palepale, 80,000, miaka kumi amekimbia kwenye matope. Hao kwa matarajio ni 252. Walio chini ya hapo ni 386. Mmoja tu, ambaye sarafu imemkubali mara zote kumi, ana 81,920,000, na yeye na wenzake wachache ndo wameuvuta wastani juu. Na huyo ndo utamuona anapiga picha na gari.

Mtu aliyekaa na A muda wote huo, asilimia 11 na ushee kila mwaka, 80,000 yake imekuwa kama 229,000. Kati ya wale 1,024 wa B, 638 wako chini yake. Yaani zaidi ya sita kati ya kumi, pamoja na kwamba B ina faida inayotarajiwa kubwa mara mbili! Kwahiyo B ni takataka? Hapana, na hapa ndo watoto watakapotulia kimya kama umeipanga vizuri. Mchukue mtu wa tatu ambaye kila mwanzo wa mwaka anagawa hela yake nusu A nusu B. Akishinda mia yake inakuwa 155 na kitu, akishindwa inakuwa 80 na kitu. Na yeye mpe bahati ya kawaida, tano kwa tano. Anamaliza na kama 247,000. Kampita yule wa A, na kampita mbali yule aliyeweka yote B, wakati sarafu zimewaangukia sawasawa. Sarafu ikimkataa mara zote kumi anabaki na kama elfu tisa, aliyeweka yote B anabaki na shilingi 78, hata karanga hapati.

Kwahiyo ukisema "kubali riski zaidi", malizia na "kiasi gani cha hela yako". Mwenzako alikiacha hicho kipande. Kitu kilekile kinachokulipa ukiweka nusu kinakurudisha ulipoanzia ukiweka yote. Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa viboko, kipindi naanza kazi nilichukua akiba yangu yote pamoja na hela ya bati nikanunua hisa za kampuni moja tu niliyoipenda, kampuni haikufa, haikuniibia, ilipitia tu miaka mitatu mibaya na mimi mvua zikanikuta sina paa nikauza kwa hasara. Nilikuwa sahihi kuhusu ile kampuni, ilikuja kuinuka, nikawa nasoma bei yake kwenye gazeti.

Sasa mikeka. Usiwakemee, wapigie hesabu tu. Chukua mchezo wa matokeo mawili yanayolingana, kama sarafu. Odi ya haki ingekuwa 2.00. Kampuni inakupa, tuseme, 1.90 kila upande. Kwa kila buku unayoweka unatarajia kurudishiwa nusu ya 1,900, yaani 950. Hasara ya hamsini, sio mbaya, lakini nani anabeti mechi moja? Kwenye mkeka kila mechi inakatwa na makato yanazidishana: mechi tano buku yako inatarajia 774, mechi kumi inatarajia 599, na hapo hatujagusa kodi ya ushindi. Angalia mwelekeo. Kadri mkeka unavyorefuka riski inapanda na faida inayotarajiwa inashuka. Ni kinyume kabisa cha ile kauli ya mwaka jana. Sababu ni ileile ya mnada, hapa hakuna aliyeshusha bei ili akushawishi kubeba riski, wewe ndo umepandisha bei mwenyewe kwasababu ndoto ya kugeuza buku kuwa milioni ni tamu na kampuni inajua ni tamu. Foreksi ya kwenye simu kwa mkopo wa mara mia mbili ni ndugu yake, unaponunua dola upande wa pili kuna mwenzako anauza, faida yako ni hasara yake, dalali anakata kila mkipita, na mkopo unafanya kutikisika kidogo kwa bei kukufutia akaunti kabla hata hujajua kama ulikuwa sahihi.

Kwahiyo kuna riski inalipwa na kuna riski hailipwi, utaitofautishaje? Kwa watu wa Dodoma mimi natumiaga zabibu. Mwenye ekari moja ya zabibu Hombolo ana hatari za aina mbili. Kuna mbuzi za jirani kuvunja uzio zikala machipukizi, pampu kuharibika, mtoto kusahau kupiga dawa. Na kuna ukame wa mkoa mzima, au msimu ambao wanunuzi wa kutengeneza mvinyo wanachukua kidogo na bei inaanguka kwa kila mtu. Sasa chukulia kuna tajiri ananunua vipande kwenye mashamba mia tofauti. Mbuzi? Kila mwaka zitakula mashamba machache, tajiri anajua, kwake ni gharama ya kawaida kama mbolea, haimnyimi usingizi. Ukame ukija unayachukua yote mia kwa pamoja, huo hana pa kuukimbilia. Siku shamba linapouzwa, tajiri atadai nafuu ya bei kwa ajili ya ukame tu. Wewe unayetaka kulinunua pia ukisema "mimi nataka nifidiwe na za mbuzi, maana nitakuwa na shamba hili moja tu", hakuna atakayekusikiliza, tajiri atanunua kwa bei ya juu kuliko yako na wewe utabaki nje.

Hiyo ndo siri yote. Riski unayoweza kuiondoa kwa kugawanya hela yako sehemu nyingi sokoni hailipwi, kwasababu kuna wenzako wameshaiondoa na wao ndo wanapanga bei. Inayolipwa ni ile inayobaki baada ya kugawanya, inayotupiga wote siku moja, na tena siku ileile ambayo biashara ni mbaya, ajira hamna na kila mtu anahitaji hela. Hesabu ya kugawanya aliiweka Harry Markowitz mwaka 1952, na William Sharpe mwaka 1964 akaonyesha kwamba ni ile riski ya pamoja tu inayopaswa kulipwa, mwaka 1990 wakapewa Nobeli. Majina hayo yataje kwa sekunde tano upite, watakutana nayo mwaka wa pili wakiwa na kalamu mkononi.

Wape kitu kimoja au viwili vya hapa nyumbani waone kwamba karatasi A na B sio hadithi. Hatifungani za serikali Benki Kuu inaziuza kwa mnada kweli, mtu anaandika bei atakayolipa kwa kila shilingi 100 ya hatifungani, akiandika 95 au 104 ni yeye, na bei ikishuka faida ya mnunuzi inapanda, ndo mnada wa mbuzi ule ila wamevaa tai. Kima cha chini ni milioni moja, kwahiyo sio kitu cha matajiri tu. Mwaka 2022 riba ziliposhushwa, ya miaka 20 iliwekewa asilimia 12.10 kwa mwaka na ya miaka 25 asilimia 12.56. Mkopaji ni yuleyule, hiyo karibu nusu asilimia ni kwa ajili ya kukubali hela yako ikae kwenye mambo yasiyojulikana miaka mitano zaidi. Na hata hatifungani sio A halisi, serikali itakulipa shilingi zako ila hakuna anayekuahidi shilingi hizo zitanunua sembe kiasi gani mwaka wa ishirini.

Kwa upande wa B wape hisa za CRDB. Ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150 moja. Miaka kumi baadae, 2019, kwenye soko la hisa la Dar es Salaam zilikuwa zinauzwa chini ya hiyo 150. Miaka kumi! Kuna watu walichukua gawio lao kila mwaka wakavumilia, kuna watu walihitaji ada ya mtoto wakauza kwa hasara. Baada ya hapo bei ikapanda mpaka ikawa mara kadhaa ya ile ya kuanzia. Vijana leo wanaangalia mchoro wa bei wanasema "ningenunua 2009". Waulize, ungeshika mpaka lini? Riski inayolipwa ndo inavyoonekana kwa ndani, ni miaka unayoonekana mjinga mbele ya shemeji zako, na hakuna aliyekupa hati kwamba mwaka wa kumi na moja itapanda. Ingekuwa na hati watu wangeipandisha bei siku hiyohiyo.

Kingine waonye kuhusu karatasi ya tatu, ile inayojifanya ina usalama wa A na faida kuliko B. Wazazi wao wanaikumbuka DECI, watu "walipanda mbegu" wakaahidiwa kuvuna zaidi ya mara mbili ndani ya miezi michache, ikafungwa mwaka 2009 na wengi hawakuvuna kitu. Wala huhitaji kuwa mpelelezi kuitambua. Mtu akikuahidi asilimia 30 kwa mwezi bila wasiwasi, izidishe mwaka mzima: laki moja inakuwa zaidi ya milioni 2.3. Halafu jiulize, mtu mwenye biashara inayofanya hivyo kwa uhakika, kwanini anakuomba wewe mwenye bumu, asiende benki akakope kwa riba ndogo sana kuliko hiyo abaki na utajiri wote? Mkopaji anayekubali kulipa ghali hivyo ana sababu, na sababu ni kwamba wanaojua kupima wameshamkatalia. Riski ipo, imefichwa tu.

Mwisho niseme kuhusu kuufanya mnada wenyewe ukumbini, maana nimeufanya mara nyingi na mara ya kwanza uliniaibisha. Nilitumia hela ndogo, A inalipa buku, B inalipa 1,600 au 400, na B ikauzwa ghali kuliko A! Kelele, vicheko, kila mtu anataka kurusha sarafu. Nilidhani nadharia imekufa. Haijafa, kwa buku watu wananunua burudani, hakuna anayeruka mlo kwa kupoteza mia sita. Kwahiyo gawa vikaratasi waandike bei mara mbili kimyakimya, kwanza kwa karatasi za buku, halafu waandike wangelipa ngapi kama kiasi kingekuwa hela yao yote ya kula ya miezi miwili. Kusanya, soma bei za katikati kwa sauti. Ile ya pili utaona B imeporomoka, na hapo wamejitungia kanuni wenyewe, wewe unawasomea tu walichoandika. Wakitaja bei kwa sauti au wakionyeshana haitafanya kazi, watu wanaona haya kuonekana waoga.

Halafu ile ya buku iuze kweli, kwa wa juu kabisa, na mlipe palepale, msije mkaanza klabu kwa deni. Mwambie mhazini aandike kwenye daftari klabu imeingiza ngapi kwa kuuza A na ngapi kwa kuuza B. Ikitokea safari hii burudani haijapandisha B, mkapata 900 kwa A na 800 kwa B, kwa ahadi zenye wastani uleule wa buku, ile mia iliyopungua ndo gharama ambayo klabu kama mkopaji imelipa kwa kuwabebesha watu riski. Mkiwa mwaka wa tatu mtaikuta kwenye somo la gharama za mtaji imevaa herufi za Kigiriki, ila daftari la mhazini litakuwa nayo tayari.